Tairi ya Ndani: Kuhusu Hadithi Fupi ya Binti wa Isaka

Mteja wa kwetu hakukatalii usoni. Atakuambia "tutawasiliana", atakushukuru kwa kuja, pengine atakuagizia na soda, na baada ya hapo hutamsikia tena. Hadithi fupi inayoitwa "Tutawasiliana" imejengwa juu ya neno hilo moja. Bado ni muswada wa kurasa 11, na mwandishi wake hajaamua ataitoa wapi, kwa hiyo jina lake naliacha. Lakini nimeisoma mara tatu na nina jambo la kusema.

Mandhari ni Isaka, pale kwenye bandari kavu, ambako mizigo iliyokuja kwa treni inashushwa na kupakiwa kwenye malori yanayoelekea Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, hadi mpakani Rusumo. Mhusika mkuu ni binti anayeuza tairi kwa kamisheni. Hana jina. Wote wanamwita "dada wa tairi", na mwandishi amefanya vizuri kuliacha hivyo, maana mji wa njiani humjua mtu kwa anachouza.

Kisa ni kifupi. Mzee mmoja mwenye semi 12 anataka kubadilisha tairi zote. Kichwa chenye ekseli tatu kina tairi 10, tela la ekseli tatu lina 12, jumla 22 kwa kila semi. Ukizidisha kwa 12 unapata tairi 264. Binti ameshapiga hesabu ya kamisheni yake kabla hajafika kwa mzee, na sisi wasomaji tunaijua. Hapo ndipo hadithi inapoanza kufanya kazi yake: tunaingia kwenye mazungumzo tukiwa na hiyo namba kichwani, kama yeye.

Mazungumzo hayo ndiyo sehemu bora ya muswada. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umetokea wapi?" Binti anajibu kwa neno moja, anafungua kabrasha. Mzee anasema tairi zake haziishi, zinapasuka. Binti anasema hizi zake zina kina kirefu cha kashata. Mzee anasema zinazopasuka ni za ndani. Binti anasema akichukua zote kwa mkupuo atampunguzia bei. Mzee anasema vijana wake wanalala porini. Binti anasema ana mzigo stoo, kesho tu anauleta. Kisha mzee anasema, "Sawa mwanangu. Tutawasiliana."

Yaani mzee amesema shida yake mara tatu, kila mara kwa ufupi zaidi, na mwandishi hajatuonyesha kwa kidole. Hakuna "laiti angesikiliza". Msomaji anamsikia mzee huku binti hamsikii, na hilo pengo kati ya masikio yetu na yake ndilo hadithi yenyewe. Wanaoandika hadithi za namna hii mara nyingi humfanya mteja awe mkali au binti awe na kiburi. Hapa wote wana adabu nzuri tu. Binti anajibu kila sentensi ya mzee. Anachojibu ni neno la kwanza alilolisikia, "tairi", na sentensi iliyobaki inampita.

Nikae kidogo kwenye hizo tairi za ndani, kwa sababu asiyejua malori anaweza kudhani mwandishi amechagua tu neno zuri. Nyuma ya semi, na kwenye tela, tairi hukaa mbili mbili, bega kwa bega. Ya nje dereva anaiona. Ya ndani imejificha, na pipa lake la kujazia upepo ni taabu kulifikia kwa mkono, kwa hiyo wengi hupima ya nje na kuondoka. Ya ndani ikipungua upepo, haionekani imelala, kwa sababu mwenzake anaishikilia. Inaendelea kuzunguka huku kuta zake zikipinda kila mzunguko, inapata joto, na baada ya mwendo mrefu na mzigo mzito inapasuka. Na hata isipopasuka, ile ya nje imekuwa ikibeba mzigo wa mbili. Ukimuuzia mzee huyu tairi mpya 264 bila kugusa jambo hilo, umemuuzia tairi 264 za kupasuka.

Kwa hiyo anayeipata oda ni muuzaji mwingine, wa bei ya juu zaidi. Alikuja na geji na vile vimpira vya kurefusha pipa la tairi ya ndani, akaomba kuonyeshwa semi moja kabla haijapakia, tairi zikiwa za baridi. Mwandishi anatupa habari hii kwa sentensi mbili, kupitia mdomo wa mama ntilie. Inatosha kabisa.

Ukurasa wa tisa ndio nilioupenda na ndio nitakaougombania. Binti, amekaa kwenye benchi la mama ntilie, anamtazama utingo akizunguka semi na chuma, akigonga tairi moja moja. Anamuuliza anafanya nini. Utingo anamwambia asikilize. Nzima inalia na kukirudisha chuma, iliyolala inatoa mlio mzito, mfu. Binti anaomba chuma, anagonga mwenyewe. Hakuna anayemwambia maana yake. Ni mara ya kwanza katika hadithi nzima anauliza swali na kusubiri jibu.

Lakini ngoja. Mwandishi anamfanya utingo atambue kwa mlio kwamba tairi imepungua kidogo tu. Hapana. Chuma kitakuambia tairi isiyo na upepo au iliyobakiza kidogo sana. Iliyopungua nusunusu inalia karibu sawa na nzima, na hiyo ndiyo inayoua watu njiani, kwa sababu umeigonga na ukaridhika. Bila geji huijui. Nasema hivi si kwa kutafuta makosa ya ufundi. Kosa hili limemnyang'anya mwandishi kitu alichokuwa nacho mkononi: ile "sawa mwanangu" ya mzee ni tairi ya namna hiyo hiyo. Inalia vizuri. Kuitega sikio hakutoshi, inabidi uulize swali la pili. Kama utingo angesema, "hii siiamini, lete geji," ukurasa wa tisa ungerudi wenyewe kwenye mazungumzo ya mwanzo, bila neno la ziada.

Neno la ziada ndilo tatizo la mwisho. Aya ya kufungia inatuambia kwamba binti "alijifunza kuwa masikio ni mawili na mdomo ni mmoja". Najua tuna mazoea ya kufunga kwa funzo, na si mazoea mabaya. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anatoa hoja zake waziwazi mbele ya baraza, na inafaa, kwa sababu yuko kizimbani na lazima amshawishi mfalme anayemsikiliza. Hapa hakuna baraza. Kuna msomaji ambaye amemsikia mzee tangu ukurasa wa tatu, na sasa anaambiwa alichokwisha kukisikia. Hadithi ya kusikiliza inamalizika kwa mwandishi kutomwamini msikilizaji wake.

Ushauri wangu ni mdogo. Aifute aya hiyo. Sentensi iliyo juu yake inasema binti alirudi kwa mzee bila kabrasha, akaamkia, akaulizwa tena ametokea wapi, na safari hii akajibu kwa urefu: kijiji, wazazi, na jinsi alivyofika Isaka. Mzee akavuta kiti. Hatujui kama alinunua kitu, na ni vizuri tusijue.