Kumwandika Mgonjwa Asijulikane

Kila mwanafunzi wa uuguzi hufika siku ya kuandika ripoti ya mgonjwa mmoja. Anamchagua mtu mmoja wodini, anamhudumia tangu siku ya kwanza hadi anaporuhusiwa, kisha anaandika alichokiona, alichokifikiri, alichokifanya na kilichotokea. Kwa jicho la haraka ni kazi ya kujaza vichwa vya habari vilivyopangwa tayari. Mimi kila ninapopata ripoti iliyoandikwa vizuri huisoma mara mbili, kwa sababu mwandishi wake ametimiza mambo mawili yanayovutana: mgonjwa yumo mzima ndani ya kurasa, na jirani yake hawezi kumtambua.

Huku Genkuru, na katika vijiji vya Tarime na Serengeti kwa jumla, hilo la pili ndilo gumu. Hospitalini Dar es Salaam, ukifuta jina la mgonjwa umeshamficha nusu. Hapa watu wanajuana kwa ukoo, kwa boma, kwa ng'ombe na kwa ugomvi wa mwaka juzi. Wanafunzi wengi huandika herufi za kwanza za jina, M.C. kwa mfano, wakidhani zinatosha kwa kuwa akina Mwita Chacha ni wengi. Lakini weka M.C. pamoja na ukoo, kijiji na kazi aliyoifanya, uone kama atabaki mwingine zaidi ya yule mmoja.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, ambaye nimemuunda kwa ajili ya makala haya. Ni mzee wa miaka 63, mwalimu mkuu mstaafu, ana kisukari cha muda mrefu, amelazwa na kidonda kwenye unyayo wa kulia. Alikanyaga msumari akitoka mnadani na hakuusikia. Nyumbani walimpaka majani kwa wiki mbili. Mwanawe mkubwa anafanya kazi mgodini Nyamongo, na ndiye aliyemleta.

Ridhaa inatangulia kila kitu. Mzee huyu alikubali kulazwa na kutibiwa, lakini kukubali matibabu si kukubali kuandikwa. Ni maombi mawili tofauti, na la pili halifai kuletwa saa anapoingia wodini akiwa na homa, maana saa hiyo atakubali lolote. Mwanafunzi mwenye busara husubiri hadi homa ishuke, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu. Tena ni vizuri muuguzi mwingine ndiye afungue mazungumzo, kwa sababu mzee anayesafishwa kidonda na binti kila asubuhi ataona aibu kumkatalia binti huyohuyo.

Kama anaelewa zaidi Kikuria, aelezwe kwa Kikuria, na anayetafsiri asiwe ndugu wala mtu wa kijiji kimoja naye. Anaambiwa ripoti ni ya masomo, nani ataisoma, nini kitaandikwa, na kwamba akikataa huduma yake haitabadilika hata kidogo. Anaambiwa pia anaweza kubadili mawazo, na mwisho wa kufanya hivyo ni lini, kwa mfano kabla ripoti haijakabidhiwa chuoni. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Lakini hati iliyosainiwa haitoshi kuonyesha kwamba ameelewa. Njia ninayoipenda ni kumrudishia swali.

"Mzee, naomba uniambie kwa maneno yako, nimekuomba nini?"

"Unataka kuandika habari za mguu wangu, wenzako wajifunze. Jina langu halimo."

"Na picha?"

"Mguu tu, binti yangu. Uso hapana."

Jibu la namna hiyo linaonyesha uelewa. Angesema "sawa, sawa, andika tu", mwanafunzi angepaswa kuanza upya. Mgonjwa akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye. Sheria iko upande wa mgonjwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Baada ya hapo ndipo kalamu inaanza kazi, na mpangilio wa ripoti unakuja kusaidia. Madaktari wana mwongozo wa kimataifa unaoitwa CARE, uliotolewa mwaka 2013 ukiwa na vipengele 13, na viwili kati ya hivyo ni maoni ya mgonjwa mwenyewe na ridhaa yake. Vyuo vya uuguzi hujenga juu ya mchakato wa uuguzi wenye hatua tano: kukusanya taarifa, kutambua tatizo la kiuuguzi, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Katika kukusanya taarifa wengi hufuata vipengele 11 vya Marjory Gordon, kuanzia namna mtu anavyoielewa afya yake, lishe, choo na usingizi, hadi imani na maadili yake. Ni mpangilio mzuri kwa sababu unamlazimisha mwanafunzi kuuliza asichokuwa na mpango wa kukiuliza. Habari ya majani, kwa mfano, haitoki kwa mtu anayeulizwa kwa ukali. Hutoka pale anapoulizwa kwa upole alijitibu vipi kabla ya kuja.

Ustadi hasa uko kwenye kutenganisha alichosema mgonjwa na kilichoonekana. "Mguu hauniumi" ni neno la mzee. Kilichoonekana ni kidonda cha sentimita 4.2 kwa 3.1, chenye usaha na harufu, na uwekundu uliotambaa sentimita 2.5 kutoka ukingoni. Ukivisoma kando kwa kando unapata kiini cha ugonjwa wake: kidonda kikubwa hivyo kisichouma maana yake mishipa ya fahamu ya mguu imeharibika. Mwanafunzi anathibitisha kwa uzi maalumu wa gramu 10, anaougandamiza kwenye unyayo mpaka upinde huku mzee amefumba macho na kusema kila anapoguswa. Wodi isiyo na uzi huo humgusa kidogo kwa ncha ya kidole kwenye vidole vya miguu. Anayeandika "miguu haina hisia" bila kusema alipima vipi, ameandika dhana yake tu.

Kutoka hapo anatengeneza tambuzi la kiuuguzi, na hapa ndipo wengi huteleza. Wanaandika "kisukari". Kisukari ni tambuzi la daktari. La muuguzi lina sehemu tatu: tatizo, chanzo chake na ushahidi. Kwa mzee wetu litasomeka hivi: kuharibika kwa ngozi ya unyayo kunakohusiana na kupotea kwa hisia za miguu, kama inavyothibitishwa na kidonda cha sentimita 4.2 kwa 3.1 na mgonjwa kutohisi uzi wa gramu 10. Sentensi hiyo moja inaonyesha kama mwandishi ameelewa. Ushahidi usiotokana na kurasa zilizotangulia umetoka kitabuni, na msomaji makini anaugundua mara moja.

Lengo nalo linapimwa kwa ukweli uleule. Nimewahi kuona lengo linalosema kidonda kipone ndani ya siku tatu. Kidonda cha kisukari hakiponi hivyo. Kinachotazamwa ni kama eneo lake limepungua angalau kwa nusu katika wiki nne, na mwanafunzi hatakuwepo wodini wiki nne. Lengo lake halisi la siku sita ni usaha kukoma, uwekundu kurudi nyuma, sukari kushuka, mzee kutoukanyagia mguu wenye kidonda, na kuweza kueleza atakavyokagua miguu yake nyumbani. Uwekundu huchorewa mpaka wake kwa kalamu juu ya ngozi siku ya kwanza, ili siku ya sita mtu asibishane na kumbukumbu yake. Kidonda hupimwa kwa rula ileile, urefu mkubwa kuliko wote, kisha upana unaoukata urefu huo kwa pembe mraba.

Siku ya sita kidonda ni sentimita 4.0 kwa 2.9, uwekundu umebaki nusu sentimita, na sukari iliyoanza milimoli 19.3 kwa lita sasa ni 9.8. Eneo limepungua kidogo tu, na ripoti nzuri inasema hivyo bila kulipamba. Inasema pia lengo moja halikufikiwa: siku ya nne mzee alikutwa akienda chooni kwa ndala, akiukanyagia mguu uleule. Wodi haikuwa na magongo. Mpango ukabadilishwa, kitanda chake kikasogezwa karibu na choo, na mwanawe akatafuta magongo. Mimi huufungua ukurasa wa tathmini kwanza, kabla ya mengine yote. Ukikuta malengo yote "yamefikiwa kikamilifu", linganisha na chati: mara nyingi sukari imeshuka kwenye ripoti siku moja kabla insulini haijaanza kwenye chati.

Sasa rudi kwenye kumficha. Kanuni ninayoiheshimu ni kupunguza, si kudanganya. Miaka 63 inakuwa "miaka ya sitini mwanzoni". Mwalimu mkuu mstaafu anakuwa mstaafu anayejua kusoma na kuandika, maana hilo la kusoma lina kazi: ndilo lililofanya apewe maelekezo kwa maandishi. Ukoo unaondoka, na mgodi vilevile. Msumari unabaki kwa sababu ndio chanzo cha jeraha, ila mnada unaondoka. Tarehe zote zinageuka Siku ya 1, Siku ya 2, na hapo ripoti inakuwa bora hata kwa msomaji, kwa kuwa anaona mwendo wa ugonjwa badala ya kalenda. Hospitali inakuwa hospitali mkoani Mara. Kumgeuza mzee kuwa mama, au mguu wa kulia kuwa wa kushoto, hakuruhusiwi, kwa sababu hapo unaanza kuandika mgonjwa ambaye hayupo.

Picha inapigwa kwa karibu, rula ikiwa pembeni, bila kovu la kujulikana wala shuka lenye jina la hospitali, na haipiti kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Halafu kuna stesheneri. Ripoti nyingi huchapwa kwenye duka la mjini, na faili hubaki kwenye kompyuta ya dukani baada ya mwanafunzi kuondoka na flashi yake. Kwa hiyo majina yafutwe kwenye daftari, kabla neno la kwanza halijachapwa. Karatasi moja tu inayounganisha "Mgonjwa A" na namba ya faili, pamoja na hati ya ridhaa, hukaa kwa mwalimu wa kliniki ndani ya kabati lenye kufuli, na haiambatanishwi na ripoti.

Sehemu ya mwisho ni majadiliano, na uzuri wake ni kujizuia. Mguu wa mzee mmoja hauwezi kuthibitisha kwamba majani ndiyo yaliyozidisha kidonda, wala kwamba kusogeza kitanda ndiko kulikopunguza uwekundu, kwa sababu siku hizohizo alikuwa kwenye dawa za kuua bakteria na insulini. Unaweza kuonyesha kwamba mtu mwenye kisukari cha muda mrefu alikaa na kidonda kisichouma kwa wiki mbili bila mtu kumwangalia unyayo, na kuuliza kliniki yake ya kila mwezi ilikuwa ikimkagua miguu au ikimpima sukari tu. Mzee alipoulizwa kwa ajili ya kipengele cha maoni ya mgonjwa, alijibu kwamba kwa miaka yote ya kliniki hakuwahi kuambiwa avue viatu.