Aya Ikigeuka Jedwali

Aghalabu mwalimu wa chuo huandika muhtasari wa kozi yake kama anavyozungumza, neno likivuta neno. Na mimi niliyezoea kukabidhiwa aya hizo nizipange kwa majuma huzisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa lililotajwa mwanzo si lazima liwe ndilo litakalofundishwa mwanzo.

Muhula mmoja nililetewa kozi ya riwaya ya Kiswahili. Aya ilisema kwamba baada ya utangulizi itasomwa Kusadikika ya Shaaban Robert, kisha Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, na baada ya mapumziko Nyota ya Rehema na Rosa Mistika, ili Rehema na Rosa walinganishwe. Kwamba insha itatolewa juma la 5 na kukusanywa majuma matatu baadaye. Na kwamba alama zitatokana na majaribio mawili ya alama 10, insha ya 20 na mtihani wa 60.

Nilianza na safu ya kushoto, juma la 1 hadi la 15, kila moja na tarehe ya Jumatatu yake, nikayafunga mapumziko katika juma la 7 kabla ya kuandika mada hata moja. Ndipo nikajumlisha alama. Je, hizo 10 ni za majaribio yote mawili, au za kila moja? Zikiwa za yote, jumla ni 90. Zikiwa za kila moja, ni 100 kamili, na shaka ikaondoka pasipo kumsumbua mtu.

Safu ya vitabu ina hila yake. Mwanafunzi akiona Nyota ya Rehema mbele ya juma la 8 hukifungua kitabu Jumatatu ileile ya darasa. Kwa hiyo juu ya safu niliandika “Kiwe kimekwisha kusomwa”, na katika juma la 7, ambalo halina mada, nikaandika “Anza Nyota ya Rehema”. Ule ulinganisho wa Rehema na Rosa nao, ambao jedwali lingeuangusha kwa urahisi maana si kitabu wala jaribio, niliupa chumba chake katika safu ya mada.

Iliyobaki ni insha. Juma la 5 ukiliongezea matatu ni la 8 kwa kalenda, walakini ni la 9 ikiwa mapumziko hayahesabiwi. Na hapa hapakuwa na hesabu ya kuamua. Aya huweza kuishi na utata huo muhula mzima, ilhali jedwali hutaka chumba kimoja tu. Sikuthubutu kukisia. Nilitia alama ya kuuliza kwa penseli katika vyumba vyote viwili, nikampelekea mwalimu karatasi.

Ilirudi alasiri, ile ya juma la 8 imefutwa.