Mfuko Ukiisha

Mkono ukiingia mfukoni ukatoka mtupu, Scrabble hugeuka mchezo mwingine. Mpaka dakika ile bahati ilikuwa bado imeketi mezani pamoja na wachezaji: mmoja anavuta jokeri, mwenzake anavuta irabu tano asijue azipeleke wapi. Kuanzia sasa hakuna cha kuvuta. Zimebaki herufi chache mbele ya kila mtu, na ubao uliojaa. Atakayeshinda atashinda kwa akili tu, na ndiyo maana nasema hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote katika mchezo huu.

Hapa Lubumbashi tunaucheza kwa maneno ya Kifaransa. Ubishi, utani na hesabu vyote vinakwenda kwa Kiswahili, lakini kinachowekwa ubaoni ni Kifaransa cha shule, na boksi letu lina herufi 102. Sifa kubwa kwenye meza zetu humwendea mwenye maneno marefu, yule anayemwaga herufi saba kwa mkupuo na kuchukua alama 50 za ziada. Anastahili sifa hiyo. Lakini nimewatazama kwa muda mrefu wachezaji wa kartie zetu, na ninayemheshimu zaidi ni yule ambaye mfuko ukiisha anaacha kuongea, anavuta karatasi yake, anaanza kuhesabu.

Karatasi hiyo ndiyo chombo cha kazi. Kabla ya mchezo anaandika herufi zote kwa idadi yake: E 15, A 9, I 8, na kuendelea hivyo hadi zile za pekee, J, K, Q, W, X, Y na Z, ambazo ni moja moja, pamoja na jokeri mbili. Kila neno linapowekwa, anafuta. Mfuko ukiisha, zisizofutwa karatasini, ukiondoa zilizo mbele yake mwenyewe, ndizo zilizo kwenye shevale ya mwenzake. Ni kana kwamba shevale ile imegeuzwa imwelekee yeye.

Hesabu hii hukosewa, na kosa lina alama yake. Ukipata herufi nne wakati mwenzako ameshika tatu, kuna moja hukuifuta. Mara nyingi mkosaji ni jokeri. Mtu ameiweka ikasimama mahali pa R, nawe ukafuta R badala ya jokeri, kisha R ya mwisho ilipowekwa hukuwa na cha kufuta. Rudi ubaoni, tafuta kete isiyo na maandishi, urekebishe karatasi kabla ya kugusa herufi yoyote. Kufunga mchezo kwa hesabu isiyolingana ni hatari kuliko kufunga bila hesabu kabisa, kwa sababu utaenda kwa uhakika kuelekea pabaya.

Sheria ya mwisho ni fupi. Anayetangulia kumaliza herufi zake anaongezewa thamani ya herufi zilizobaki kwa mwenzake, na mwenzake anapunguziwa thamani hiyo hiyo. Kwa hiyo kila alama iliyobaki kwenye shevale ya mpinzani inahesabika mara mbili. Q ina alama 8. Ikimganda mtu, tofauti inasogea kwa 16. Wala hana pa kuirudisha, maana kubadilisha herufi kunaruhusiwa tu mfuko ukiwa na herufi 7 au zaidi. Na kama hakuna anayeweza kumaliza, kila mmoja anakatwa zake.

Nipange mfano mmoja, tuufuate hadi mwisho. Yaya na leki wake wanacheza. Ubaoni kuna herufi 94. Yaya ana alama 338 na ameshika A, E, M, R, S. Leki ana 353 na ameshika tatu, ambazo karatasi ya yaya imekwisha kuzitaja: Q, U, O. Zamu ni ya yaya, naye yuko nyuma kwa 15.

Sehemu tatu za ubao ndizo zenye uhai. Ya kwanza iko pembeni kulia, ambako neno moja limeishia kwa S, mraba wa tano kutoka juu. Juu ya S hiyo miraba minne iko wazi, na ule wa kwanza, kwenye kona, ni mwekundu wa kuzidisha neno mara tatu. Wa nne una rangi ya kuzidisha herufi mara mbili. Ya pili ni V yenye miraba minne mitupu mbele yake, isiyo na rangi. Ya tatu ni I ambayo kushoto kwake kuna nafasi tupu za kutosha, na ndiyo I pekee iliyo wazi. Kwingine kote kumefungwa.

Jicho linakimbilia kona nyekundu. ARMES, kwa kuishia kwenye S ya ubaoni, inaleta alama 21, na yaya anabaki na S moja tu mkononi. Nani angeacha 21 wakati yuko nyuma kwa 15? Wengi wangeiweka kabla ya kunywa maji. Sasa tazama upande wa pili. Leki anaweka QUOI kwenye ile I, alama 11, na amemaliza. Anachukua alama 1 ya S ya yaya, na yaya anapunguziwa 1. Mwisho: yaya 358, leki 365. Neno lililokuwa zuri kuliko yote ubaoni limempotezea mchezo kwa 7.

Mchezaji ninayemsifu haanzi na swali la alama. Swali lake la kwanza ni: mwenzangu anahitaji zamu ngapi kumaliza? Leki anahitaji moja tu. Swali la pili: anamalizia wapi? Kwenye I, basi. Pale pakizibwa, Q yake haina nyumba tena. Swali la tatu ndilo gumu: niizibe kwa herufi gani, ili zitakazobaki zimalizike kwa zamu moja, tena kwa njia mbili?

Anaweza kuziba kwa S, akaandika SI. Zinabaki A, E, M, R, na ARMES bado inamngoja kwenye kona, safari hii ikimmalizia zote. Lakini huo ni mlango mmoja. Leki hatalala, ataziba kona, na yaya atabaki ameshika M isiyotaka kukaa na V. Akiziba kwa M, akaandika MI, alama 3, anabaki na A, E, R, S. Kwa herufi hizo kona inapokea RASES, alama 18, na V inapokea VERSA, alama 8. Milango ni miwili, na leki ana zamu moja.

Kwa hiyo yaya anaweka M peke yake kando ya I. Wanaotazama wanadhani amechoka. Leki ndiye anayeelewa kwanza, kwa sababu QUOI yake, hata QI, imetoweka mbele ya macho yake.

Afanye nini? Akiziba V kwa VU, anapata 5 na kubaki na Q na O. Yaya anaweka RASES, 18, amemaliza, anaongezewa 9. Mwisho ni 368 kwa 349. Akiziba kona badala yake, kwa kushusha SOU kutoka kwenye ile S, anapata 3 na kubaki na Q pekee. Yaya anaweka VERSA, 8, anamaliza na kuongezewa 8: 357 kwa 348. Njia zote mbili yaya anashinda, na mzizi wa ushindi huo ni herufi moja iliyoleta alama 3.

Mwaka 2015, Louvain-la-Neuve nchini Ubelgiji, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa kwa kumshinda Schélick Ilagou Rekawe wa Gabon kwenye fainali. Dunia ilishangaa kwamba Richards hakuwa akizungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri kamusi. Mimi habari ile ilinifundisha jambo kuhusu mwisho wa mchezo. Katika mfano wetu hakuna neno ambalo mtoto wa sekondari hapa mjini halijui. MI, SOU, QUOI, VERSA. Maneno yapo kwa wote wawili. Kinachomtofautisha yaya ni mpangilio: kujua lipi litangulie, na lipi lifuate.

Tena kuna hatua moja ambayo hata wachezaji hodari huiruka kwa pupa ya kumaliza. Turudi pale leki alipoziba kona kwa SOU. Ameshika Q tu. Hakuna I wazi, hakuna mahali pengine panapoipokea, na mfuko ni mtupu. Zamu yake ikifika atapita, na ikifika tena atapita tena. Basi yaya ana haraka gani? Badala ya kuweka VERSA kwa mkupuo, anaweka E na R mbele ya V: VER, alama 6. Leki anapita. Yaya anaongeza S: VERS, 7. Leki anapita. Anaongeza A: VERSA, 8, na sasa amemaliza, anachukua 8 za Q. Neno lile lile limempa 21 badala ya 8, na matokeo ni 370 kwa 348. Kwenye mashindano ambako walio sawa kwa ushindi hutenganishwa kwa tofauti ya alama, hizo 13 za ziada zina kazi.

Kutangulia kumaliza, kwa hiyo, si kukimbia. Ni kuwa na hakika kwamba utamaliza, halafu kuamua lini. Lakini uhakika huo hupimwa upya kila zamu, kwa sababu kila herufi unayoiweka hufungua miraba mipya kandokando yake. Angalia mfano huo huo. E, R, S na A zimelala ubaoni bila kumpa leki chochote, kwani Q iliyo peke yake haishikamani na hata mojawapo kati ya hizo. Yaya angekuwa na I mkononi, akalazimika kuiweka wazi ili aendelee polepole, leki angeshusha Q juu yake, QI, naye ndiye angekuwa amemaliza. Mwenye I katika hali hiyo huiweka mwisho kabisa, katika zamu ile ile inayoimaliza shevale yake.