Msimu Haumngoji Mwanafunzi wa Bweni

Mwanafunzi wa bweni anayerudi nyumbani Karatina likizo ya Aprili hukuta msimu wa Call of Duty: Mobile umeshaanza bila yeye. Shuleni hana simu, na msimu hudumu takriban mwezi mmoja tu. Pasi yake ina ngazi 50. Tuseme msimu huu ni wa siku 28: aliyeanza mapema atapanda chini kidogo ya ngazi mbili kwa siku. Kijana wetu, aliyebakiwa na siku 18, anahitaji karibu tatu, na kila siku anayokwenda shambani na wazazi huzirundika juu ya siku zilizosalia.

Pasi ina njia mbili, ya bure na ya kulipia kwa CP. Anapopanda bure, zawadi za njia ya pili hujipanga mbele yake zikiwa na kufuli. Akilipa hata siku ya mwisho, zote za ngazi alizokwisha kupita hufunguka mara moja. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Pesa anayoitoa kwenye M-Pesa ya mzazi haimnunulii kitu kipya machoni pake. Anaokoa jasho lake la siku zote hizo. Tena baadhi ya zawadi ni CP zenyewe, na anayemaliza pasi hupata za kutosha kununua ya msimu ujao. Akikwama ngazi ya 30, mnyororo hukatika. Na palepale anauziwa ngazi za kuruka: aliyeweka mwisho wa muda ndiye anayeuza muda.

Zawadi za kuingia kila siku hufanya kazi kwa saa ndogo zaidi. Gemu nyingi za kimataifa hubadilisha siku saa sita usiku kwa UTC, yaani saa tisa usiku Nyeri. Tazama kalenda ya zawadi hizo inafanya nini ukikosa siku moja. Ile inayohesabu siku mfululizo hukurudisha mwanzo, na zawadi kubwa huwa imewekwa siku ya saba, hivyo kukosa siku ya sita kunauma kuliko kukosa ya pili. Inayojumlisha siku huonekana ya huruma, lakini ikiwa inadai siku 28 katika mwezi wa siku 30, nafasi ya kupumzika ni siku mbili tu.

Hakuna sababu ya kiufundi inayolazimu pasi ife. Halo Infinite, iliyotoka mwaka 2021 na sehemu yake ya kucheza mtandaoni ikiwa ya bure, iliuza pasi zisizoisha muda. Ukinunua, inabaki yako, nawe unaweza kurudi kwenye ya msimu uliopita na kuendelea pale ulipoachia. Kwa mpango huo, kijana wa Karatina angeacha ngazi ya 30 Aprili, akaikuta ikimngoja Agosti.