Nyota upande wa mlingoti: kusoma sare na bendera katika picha za Masisi na Walikale

M23 waliingia Walikale-centre Machi 2025 na kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Tuseme picha inakufikia wiki waliyoondoka: vijana wa Wazalendo wamesimama barabarani, wamepandisha bendera ya Kongo, na pembeni yuko ofisa wa FARDC. Hii ni picha niliyoibuni ili tuipime pamoja.

Anza na bendera. Iliyopo sasa ilipitishwa mwaka 2006: samawati, nyota ya njano kwenye kona ya juu, na mstari mwekundu wenye kingo za njano uliolala mshazari. Wengi hukumbuka kwamba nyota iko kushoto, na hapo ndipo wanapoteleza, kwa sababu bendera ikitazamwa kutoka nyuma nyota huonekana kulia. Kisichobadilika ni uhusiano wake na mlingoti. Nyota hukaa juu, karibu na mlingoti, na mstari huanzia chini, upande uleule wa mlingoti, ukapanda hadi kona ya mbali. Ukiona nyota imening'inia upande unaopepea, au mstari unashuka kutoka penye nyota, aliyeichora hakuwa na bendera mbele yake. Nyota kubwa katikati na sita ndogo zikiwa zimejipanga kando ya mlingoti ni bendera ya 1997 hadi 2006. Si lazima picha hiyo iwe imetengenezwa. Huenda ni ya kweli lakini ya zamani, imepewa tarehe mpya.

Picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo hupita mtihani wa mlingoti. Hiyo hunaswa na maandishi: herufi FARDC kifuani zitasomeka kinyume.

Herufi hizo zinastahili muda wako. Picha iliyopita WhatsApp mara nyingi huja imebanwa, na watu huona herufi zilizofifia wakakimbilia kusema imetengenezwa na mashine. Mbano hufifisha kila kitu kwa pamoja: herufi, mshono, kifungo na ngozi ya shingo. Mashine hufanya jambo jingine. Huchora kistari kikali, safi, ambacho hakiundi herufi yoyote, huku uzi wa mfuko ulio kando ukionekana vizuri. Mtazame pia ofisa wetu mabegani: cheo cha bega la kulia sharti kifanane na cha kushoto. Tepe za mabega mawili zikipingana, na kitambaa hakijakunjika wala kufunikwa na mkanda wa bunduki, picha hiyo usiipitishe.

Kisha watazame Wazalendo wenyewe. Ni mkusanyiko wa vikundi vingi, na mavazi yao husema hivyo: huyu ana koti la jeshi, yule fulana na buti za mpira. Vijana ishirini wenye magwanda mapya ya aina moja, mabaka yakirudiarudia mahali palepale kwenye kila kifua, wananitia shaka kuliko kosa lolote la beji. Kitambaa cha mabaka hukatwa ovyo na fundi, kwa hiyo baka lililoangukia mfuko wa mmoja halitaangukia mfuko wa jirani yake. Walikale nayo ni nchi ya msitu na mvua. Suruali kavu isiyo na tope chini ya magoti inahitaji maelezo.

Beji hupima maelezo ya picha vilevile. Askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walianza kuhudumu Kivu Kaskazini ndani ya MONUSCO mwaka 2013, kwenye brigedi ya kuingilia kati, wakivaa bluu ya Umoja wa Mataifa kichwani. Kuanzia Desemba 2023 nchi hizohizo zilileta askari wengine chini ya SADC, katika kikosi cha SAMIDRC, ambao hawakuwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Maelezo yakisema "MONUSCO" huku kofia na beji ni za jeshi la taifa tu, rudi umuulize aliyeituma. Bendera ya Tanzania begani haitatui swali hilo peke yake, maana askari wa vikosi vyote viwili waliweza kuwa nayo.

Sasa mpaka wa kazi hii. Tuseme picha yetu imepita yote: nyota iko mahali pake, herufi zinasomeka, tope lipo. Bado hujui aliyevaa ni nani. Mwishoni mwa 2023, Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliripoti kuwa wanajeshi wa Burundi walipelekwa Kivu Kaskazini wakiwa ndani ya sare za FARDC. Mtu anayesoma beji tu angewaita Wakongo, tena kwa uhakika mkubwa. Sare halisi hutekwa na hugawiwa. Kwa hiyo chini ya picha andika "mtu aliyevaa sare ya FARDC", na neno "askari wa FARDC" liache mpaka mahali, tarehe na shahidi wa pili vikubaliane nalo.