Picha inapotoweka, ubongo hufanya nini?

Mtu anatazama picha ya uso kwa sekunde moja na nusu, kisha picha inatoweka. Ubongo wake unatakiwa ufanye nini hapo hapo? Swali hilo dogo ndilo lililotumika kuzikutanisha nadharia mbili za ufahamu ambazo kwa miaka mingi kila moja ilijipimia kwa mizani yake.

Ya kwanza, iliyoasisiwa na Bernard Baars na kuendelezwa na Stanislas Dehaene, inasema tunalifahamu jambo pale taarifa yake inapotangazwa kwa ubongo mzima, gamba la mbele likishika nafasi kubwa. Inategemea majaribio ya maneno yanayomulikwa haraka na kufunikwa na alama nyingine. Neno lisiloonekana huamsha zaidi maeneo ya kuona; likionekana, mtandao mpana huwaka ghafla baada ya kama sekunde 0.3.

Ya pili, ya Giulio Tononi, inatazama muundo: ufahamu ni taarifa zilizofungamana kiasi kwamba ukizitenganisha kuna kitu kinapotea. Hoja yake nzito ni serebela. Ina seli nyingi za neva kuliko sehemu nyingine zote za ubongo zikijumlishwa, lakini ikiharibika mtu anayumba tu, ufahamu unabaki. Sababu, kwa Tononi, ni kwamba saketi zake hufanya kazi kila moja kivyake.

Kundi la watafiti la Cogitate liliwaketisha wafuasi wa pande zote waandike utabiri wao kabla ya data kukusanywa. Watu 256 wakaonyeshwa nyuso, vitu na herufi kwa sekunde 0.5, 1 au 1.5, wakipimwa kwa MRI, kwa vipimo vya sumaku ya ubongo, na wagonjwa wa kifafa kwa elektrodi zilizokwishapandikizwa. Muda huo kutofautiana ndio ufundi wenyewe. Upande wa Tononi ulitabiri kwamba maeneo ya nyuma yatashikilia picha muda wote inapoonekana, tena yakiwa yamefungamana kwa mdundo mmoja. Upande wa Dehaene ulitabiri miwako miwili ya mbele: picha inapotokea, na inapoondoka.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025. Maeneo ya nyuma yalishikilia picha kweli, ila mdundo wa kudumu haukuonekana. Mbele, mwako wa kuondoka kwa sehemu kubwa haukutokea; katika ishara za hapo aina ya picha ilisomeka, lakini mwelekeo wa uso haukusomeka, ingawa mtazamaji aliuona waziwazi.

Baadhi walimhesabia Tononi ushindi. Mimi sikubali haraka. Kwamba maeneo ya kuona hushughulika wakati picha ipo, nadharia nyingi zingelitabiri hilo. Mdundo ndio uliokuwa wake hasa, nao ulikosekana. Na kile kiasi cha ufungamano anachokiita Φ hakikupimwa kabisa, kwa kuwa kukikokotoa kwa ubongo mzima hakuna kompyuta inayoweza.