Nondo Mbili Katika Boriti ya Mita 6

Mhandisi mchanga anayekagua nondo kabla ya zege kumwagwa anastahili pongezi kwa jicho lake, kwa kuwa zege huhimili kugandamizwa lakini hupasuka upesi likivutwa, na upande wa chini wa boriti, yaani mhimili wa kulala unaobeba sakafu, ndio unaovutwa. Mhandisi mmoja kama huyo alikuta boriti ya mita 6, iliyoegemea ncha zake mbili, imefungwa nondo mbili tu za milimita 12 upande huo, sawasawa na mchoro, akaziona nyembamba mno kwa urefu ule. Alirudia hesabu kwa kalamu: mzigo wa kilonyutoni 30 kwa kila mita, ukizidishwa kwa mraba wa 6 na kugawanywa kwa 8, huleta momenti, yaani nguvu ya kupinda, ya kilonyutoni-mita 135, ilhali karatasi ya hesabu ilisomeka 13.5. Nukta ilikuwa imehama nafasi moja. Fundi, aliyekwisha kulowesha mbao, alisimamisha kazi. Mhandisi mkuu akathibitisha kosa, na nondo tatu za milimita 20 zikafungwa badala yake.